Saa janja ya mkononi: inakubali simu ipi, chaji inakaa siku ngapi, na namba zipi za kutoamini

Makala hii inatokana na simu niliyopigiwa baada ya kipindi cha asubuhi. Kijana mmoja wa huku kwetu Munanila alimletea mama yake saa janja, zile zenye kioo cha kugusa na mkanda wa mpira. Kwenye boksi iliandikwa kwamba inapima mapigo ya moyo, oksijeni, presha na usingizi. Mama huyo anatumia dawa za presha kwa miaka kadhaa. Saa ilipoanza kumwonyesha presha ya 118 kwa 77 asubuhi, 119 kwa 78 mchana na 117 kwa 76 jioni, alifurahi. Akaona amepona. Kijana aliponipigia kuuliza kama saa hiyo ni ya kuaminika, mama alikuwa amekwishaacha vidonge kwa siku sita.

Nilimwambia ampeleke zahanati siku hiyo hiyo, na saa aivae hivyo hivyo. Nesi alimkalisha, akampumzisha, akamfunga mashine ya mkononi: 176 kwa 102. Akarudia baada ya muda mfupi, ikawa karibu na hapo hapo. Saa iliyokuwa kwenye mkono wa pili ikaandika 118 kwa 77.

Tangu siku hiyo nimeulizwa maswali mengi kuhusu saa hizi, kwa sababu zimejaa kwenye magulio, na vijana wanaotoka Dar es Salaam na Mwanza huwaletea wazazi kama zawadi. Nimeyakusanya hapa katika mambo matatu: simu unayohitaji, chaji, na ukweli wa vipimo. La tatu nitalikalia zaidi, maana ndilo lililotaka kumdhuru yule mama.

Kwa mfano wa kueleza nitatumia bendi moja inayofahamika, Xiaomi Smart Band 7, iliyotoka mwaka 2022. Sikutumwa kuiuza. Nimeichagua kwa sababu maelezo yake yameandikwa wazi na mtengenezaji, kwa hiyo unaweza kuyalinganisha na saa yoyote utakayowekewa mkononi na muuzaji.

Simu ipi inakubaliana nayo

Saa ya namna hii haijitegemei. Inahesabu hatua na kuonyesha muda yenyewe, lakini kuiwasha mara ya kwanza, kuirekebisha na kuona kumbukumbu za wiki nzima, inahitaji simu yenye programu yake. Kwa hiyo kabla ya kuuliza bei, tazama simu uliyo nayo.

Kitochi cha kawaida hakifai, hata kama kina Bluetooth. Smart Kitochi na simu nyingine za mfumo wa KaiOS nazo hazifai, kwa sababu programu za saa hizi zimetengenezwa kwa mifumo miwili tu: Android, ambao ndio uko kwenye Tecno, Infinix, itel, Samsung na nyinginezo, na iOS ya simu za iPhone. Kama nyumbani kuna kitochi tu, saa hiyo itabaki pambo, na nyingine hazitaonyesha hata muda sahihi, kwa kuwa zinauchukua muda kutoka kwenye simu.

Ukiwa na simu ya Android, fungua Settings, shuka hadi About phone, usome palipoandikwa Android version. Boksi la Smart Band 7 linataka Android 6.0 au zaidi, na kwa iPhone iOS 10.0 au zaidi. Hapo kuna jambo la kuangalia. Namba ya kwenye boksi ni ya siku saa ilipotoka kiwandani, ila programu huendelea kubadilishwa, na kila toleo jipya linaweza kuziacha nyuma simu za zamani. Kipimo cha kweli ni kuitafuta programu yenyewe Play Store kwa kutumia simu yako, kabla hujalipa. Programu ya bendi hii inaitwa Mi Fitness. Ukiona neno Install, simu yako inakubalika. Ukiona maandishi kwamba kifaa chako hakiendani na toleo hilo, usinunue kwa matumaini.

Kwa saa za gulioni, jina la programu huandikwa ndani ya kijitabu, au kuna mchoro wa mraba wa kuskani. Muulize muuzaji jina la programu ulitafute mwenyewe Play Store. Mchoro ukikupeleka kupakua faili kutoka tovuti usiyoijua badala ya Play Store, achana nao. Programu ya saa huomba ruhusa ya kusoma meseji zako na orodha ya majina kwenye simu, na meseji zako ndimo zilimo taarifa za miamala ya pesa.

Siku ya kuunganisha utahitaji bando, kwa sababu utapakua programu, utafungua akaunti, na mara nyingi saa nayo itataka kusasishwa. Fanya kazi hiyo mahali mtandao unapokamata vizuri, siyo bondeni. Washa Bluetooth, fungua programu, chagua kuongeza kifaa, na uisogeze saa karibu na simu. Usiunganishe kupitia orodha ya Bluetooth ya simu yenyewe. Pitia ndani ya programu. Kosa hili ni la kawaida sana: simu inaonyesha imeungana na saa, lakini programu haiioni.

Simu za Android 6 hadi 11 zitakuomba uwashe Location, na watu wengi hukataa wakidhani wanafuatiliwa. Katika matoleo hayo, simu haiwezi kutafuta vifaa vya Bluetooth vilivyo jirani bila ruhusa hiyo. Kuanzia Android 12 kuna ruhusa yake ya pekee iitwayo Nearby devices. Ukiikataa, saa haitaonekana hata uiweke juu ya simu.

Mkishaungana, huhitaji bando tena kila siku. Saa na simu huongea kwa Bluetooth, isiyotumia salio, kwa umbali wa kama mita 10 pasipo ukuta. Ukiacha simu nyumbani ukaenda shamba, saa itaendelea kuhesabu na kuhifadhi, kisha itahamishia hesabu kwenye simu ukirudi na kufungua programu. Taarifa za simu na meseji tu ndizo hutazipata ukiwa mbali.

Tatizo moja linalowasumbua wenye Tecno, Infinix na simu nyingine za bei nafuu ni kwamba saa inafanya kazi siku ya kwanza, kesho yake haileti tena taarifa za meseji. Saa haijaharibika. Simu hizi huzima programu za nyuma ili kubana betri na nafasi ndogo ya kumbukumbu. Nenda Settings, kisha Apps, chagua programu ya saa, ingia Battery, na uiruhusu iendelee kufanya kazi bila kubanwa. Hakikisha pia imeruhusiwa kusoma taarifa, mahali panapoitwa Notification access. Mara nyingi tatizo huishia hapo.

Ujue pia unachokosa. Smart Band 7 haina spika wala maiki, kwa hiyo itakuonyesha nani anapiga na utaweza kukata, lakini kuongea utaongelea kwenye simu. Haina pia GPS yake, kwa hiyo haijui umepita njia ipi usipobeba simu. Umbali inaokuonyesha bila simu ni wa kukadiria: hatua ulizopiga mara urefu wa hatua inaoudhani kutokana na kimo ulichojaza.

Chaji: siku za kwenye boksi na siku za mkononi

Betri ya Smart Band 7 ina ujazo wa 180 mAh. Simu nyingi za sasa zina 5000 mAh. Mtengenezaji anasema bendi hii hukaa hadi siku 14 kwa matumizi ya kawaida, na kama siku 9 kwa matumizi makubwa. Tofauti ya siku hizo tano inatoka wapi?

Gawanya 180 kwa 14. Unapata kama 13 mAh kwa siku. Gawanya 180 kwa 9, unapata 20. Ile 7 inayoongezeka kila siku inaliwa na mambo machache: kupima mapigo ya moyo kila dakika, kupima oksijeni usiku kucha, kupima msongo, na kioo kinachowaka kila unapogeuza mkono. Anayelima kwa jembe hugeuza mkono mara nyingi mno kwa siku, na kila mara kioo kinaweza kuwaka. Kuwasha kioo kwa kugeuza mkono ndilo jambo la kwanza la kuzima ukitaka chaji ikae. La pili ni kupunguza kupima mapigo kutoka kila dakika hadi kila dakika 10 au 30.

Saa kubwa za mraba zinazopokea simu, zenye spika na maiki, ni habari nyingine. Hata zikiandikwa siku 7 kwenye boksi, nyingi huishia siku mbili au tatu zikitumika kuongea. Kabla hujamlaumu muuzaji au kumsifu, pima mwenyewe. Chaji hadi 100, ivae kama unavyovaa kila siku, usome asilimia saa ile ile ya kesho yake. Tuseme imebaki 89. Imekula 11 kwa siku, na 100 gawanya kwa 11 ni kama siku 9. Ikibaki 68 imekula 32, yaani siku tatu. Usitumie siku mbili za kwanza kwa hesabu hii, kwa kuwa saa huwa inasasishwa na wewe mwenyewe unaichezea.

Kwa wasiokuwa na umeme, habari njema ni kwamba betri ndogo hujazwa na umeme mdogo. Bendi hii hujaa ndani ya kama saa mbili. Taa ya sola yenye tundu la USB inatosha, na pawabanki nayo inatosha. Hata simu yenye uwezo wa kutoa umeme, kwa kutumia kile kiunganishi kidogo cha kuchomekea flashi, inaweza kuijaza, na itapoteza kama asilimia 5 tu ya chaji yake. Usitumie chaja ya simu ya kujaza haraka kama huna uhakika nayo. Saa hainufaiki na umeme mwingi.

Kinachowaangusha wengi ni waya. Saa hizi hazitumii waya wa simu. Zina waya wake wenye sumaku na vipini viwili vinavyoshika mgongo wa saa. Ukipotea, saa imekwisha mpaka upate mwingine, na hata saa za kampuni moja hazishirikiani zote: waya wa Smart Band 7 unaingiliana na wa matoleo ya 5 na 6, lakini toleo la 8 lina waya wake. Ukinunua, uliza palepale kama muuzaji anao waya wa akiba. Na ukiona saa haijai, kabla ya kuipeleka kwa fundi, futa vile vipini kwa kitambaa kikavu. Jasho na vumbi letu jekundu hukauka hapo na kuzuia umeme.

Hatua: hesabu ya mkono, siyo ya miguu

Sasa tuje kwenye vipimo. Tuanze na kilicho rahisi, kuhesabu hatua. Ndani ya saa kuna kihisi cha mwendo, kinachojua mkono umetikisika kwenda wapi na kwa nguvu gani. Ukitembea, mikono huenda mbele na nyuma kwa mpangilio, na saa huhesabu mpangilio huo kuwa hatua. Haioni miguu yako.

Ukilielewa hilo, unaweza kutabiri itakosea wapi. Mama aliyebeba ndoo ya maji kichwani na kuishika kwa mkono wenye saa atapanda mlima mzima na kuhesabiwa hatua chache, kwa sababu mkono umetulia. Anayesukuma baiskeli yenye mkungu wa ndizi, vivyo hivyo. Upande wa pili, anayetwanga, anayelima kwa jembe au anayepanda bodaboda kwenye barabara ya mashimo anaweza kuongezewa hatua ambazo hakuzipiga.

Jipime hivi. Soma namba ya hatua kwenye saa, tembea ukihesabu mwenyewe hatua 200 mikono ikiwa huru, simama, subiri kidogo kisha usome tena. Tuseme imeongezeka 190. Imekosa 10 katika 200, sawa na asilimia 5, na hiyo ni saa nzuri. Rudia ukiwa umebeba mzigo kichwani. Ukiona 90, usishangae wala usiirudishe dukani. Umejua tu kwamba siku za kuteka maji namba yake haifai. Pima mara ya tatu bila kutembea: kaa, tikisa mkono kama unatwanga. Saa itakayokupa hatua 100 ukiwa umekaa imekueleza ukweli wake yenyewe.

Hesabu ya nguvu zilizoungua mwilini, ile inayoandikwa kcal, iko mbali zaidi. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford huko Marekani walichapisha matokeo ya kupima saa 7 za kampuni kubwa kwa watu 60. Kwa mapigo ya moyo, 6 kati ya hizo 7 zilikosea kwa chini ya asilimia 5. Kwa nguvu zilizoungua, iliyokuwa bora kuliko zote ilikosea kwa wastani wa asilimia 27, na ya mwisho ilikosea kwa asilimia 93. Hizo zilikuwa saa ghali. Usipange mlo wa mtu yeyote kwa namba hiyo.

Mapigo ya moyo: inapoweza na inapokwama

Geuza saa uangalie mgongoni. Utaona taa ndogo za kijani, na kando yake kijicho cheusi. Damu hunyonya mwanga wa kijani. Moyo ukipiga, damu nyingi hupita chini ya ngozi na mwanga unaorudi hupungua. Kati ya pigo na pigo, mwanga unaorudi huongezeka. Kijicho kinahesabu kupanda na kushuka huko. Njia hii ni ya kweli, na mtu akiwa ametulia hufanya kazi vizuri.

Ili ifanye kazi, ivae kidole kimoja juu ya mfupa wa kifundo cha mkono, upande wa kuelekea kwenye mkono wa juu, na uikaze kiasi kwamba haitelezi lakini haibani. Ikilegea, mwanga wa jua huingia na hesabu huvurugika. Baridi nayo ni tatizo letu la milimani: asubuhi ya mwezi wa saba hapa Munanila, mishipa ya juu ya ngozi hujikunja na damu hupungua mkononi, saa ikabaki inatafuta. Pasha mikono moto kwanza, kisha upime.

Kujua kama yako iko sawa, kaa dakika tano bila kuongea. Weka vidole viwili upande wa ndani wa mkono, chini ya dole gumba, utafute pigo. Hesabu kwa sekunde 30. Ukipata 36, zidisha kwa mbili, ni 72 kwa dakika. Saa ikisema 70 au 75, iko vizuri. Rudia siku tatu. Ikikosea kwa zaidi ya 10 kila mara, na umeivaa sawasawa, usiitegemee.

Ukianza kutembea kwa nguvu au kulima, makosa huongezeka. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Duke, pia cha Marekani, walichapisha mwaka 2020 kwamba makosa ya mapigo wakati wa shughuli yalikuwa makubwa kwa wastani wa asilimia 30 kuliko wakati wa kupumzika. Kuna kosa moja la ajabu la kulijua: saa inaweza kuchanganya mtikisiko wa mkono na pigo la moyo. Ukitembea hatua 115 kwa dakika, inaweza kukuandikia mapigo 115, kumbe moyo wako uko 95. Dalili yake ni namba kubaki pale pale unapotembea tambarare na unapopanda kilima kwa mwendo ule ule. Simama, shika mkono, hesabu mwenyewe.

Watu weusi huuliza kama taa hii inasoma ngozi yetu. Watafiti hao hao wa Duke waliangalia ngozi za rangi mbalimbali na hawakuona tofauti kubwa katika mapigo ya moyo. Lakini kwenye oksijeni mambo ni tofauti. Desemba 2020, madaktari wa Marekani walitoa taarifa kwamba hata mashine za hospitali za kubana kidoleni zilishindwa kugundua upungufu wa oksijeni kwa wagonjwa weusi karibu mara tatu kuliko kwa wazungu. Zilionyesha namba nzuri wakati damu ilikuwa na upungufu. Kama mashine ya hospitali inakosea hivyo, saa ya mkononi isikufanye ukae nyumbani na mtu anayehema kwa shida. Mgonjwa akihema kwa shida, mpeleke hata kama saa inasema 98.

Presha na sukari: hapa usiamini

Turudi kwa yule mama. Saa yake ilipataje 118 kwa 77?

Presha ni nguvu ambayo damu inasukuma ukuta wa mshipa. Mashine ya zahanati inaipima kwa kuubana mshipa kwa mkanda unaojaa upepo hadi damu isimame, kisha kuuachia polepole na kuangalia damu inaanza kupita wapi. Bila kubana, taa ya kijani haijui nguvu hiyo. Inajua tu damu imepita. Saa za bei nafuu zinazotoa presha zinachukua mapigo ya moyo, zinaongeza umri, kimo na uzito uliojaza kwenye programu, kisha zinakisia. Na kwa kuwa makisio salama ni ya mtu mzima mwenye afya, namba huzunguka karibu na 120 kwa 80 kwa karibu kila mtu.

Nilimwomba yule kijana aje studio na saa hiyo. Tukaifunga kwenye mhogo mbichi uliomenywa, tukabonyeza kipimo. Baada ya kama nusu dakika mhogo ulipewa mapigo 74 na presha ya 117 kwa 76. Mama mzima na mhogo walikuwa na presha moja.

Niwe mkweli kuhusu jaribio hili: hata saa nzuri inaweza kuonyesha mapigo ikifungwa kwenye ndizi au mhogo, kwa sababu mwanga unarudi na kutikisika kidogo, nayo inajitahidi kutafuta mpangilio. Kwa hiyo mhogo hautoshi kusema mapigo yake ni ya uongo. Unachoonyesha ni kwamba saa haijui imefungwa kwenye nini. Lakini kwa presha, jibu la mhogo ni jibu kamili. Bendi tuliyoitumia kama mfano, Smart Band 7, haina kabisa kipimo cha presha, wala mtengenezaji wake hadai. Kifaa kisichotaja presha kinaweza kuwa cha kweli kuliko kinachoitaja.

Zipo saa chache zinazopima presha kweli. Omron HeartGuide, iliyopata kibali Marekani mwishoni mwa mwaka 2018, ina mkanda unaojaa upepo na kubana mkono. Baadhi ya saa za Samsung hukadiria kwa mwanga, lakini zinadai uzilinganishe na mashine ya mkanda kila baada ya siku 28. Kwa maneno mengine, bila mashine ya kweli hata hizo hazina pa kuanzia. Saa ambayo haibani, wala haikuulizi namba ya mashine nyingine, imekisia.

Sukari ni mbaya zaidi. Tarehe 21 Februari 2024, mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilitoa tahadhari kwamba haijaidhinisha saa wala pete yoyote inayopima sukari ya damu yenyewe bila kutoboa ngozi. Mgonjwa wa kisukari akijipangia insulini kwa namba ya saa ya namna hiyo, anaweza kujidunga nyingi na kuzimia. Hapa Tanzania vifaa tiba viko chini ya Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA. Muuzaji akikuambia saa yake ni kifaa cha hospitali, muulize usajili wake.

Anayetumia dawa za presha na afanye hivi. Aende zahanati kwa kipimo, akae ametulia dakika tano, mgongo umeegemea, miguu chini, mkono ukiwa usawa wa moyo, apimwe mara mbili. Ikiwa 140 kwa 90 au zaidi kwa siku tofauti, hiyo ni presha ya juu. Na ikiwa nzuri, 125 kwa 80 tuseme, huku anameza dawa, maana yake ni kwamba dawa zinafanya kazi, siyo kwamba ugonjwa umekwisha. Aliyemwandikia dawa ndiye wa kuzipunguza.

Yule mama amerudi kwenye vidonge vyake. Saa hakuitupa. Anaivaa kanisani na sokoni, inamwonyesha muda na inatetemeka mwanawe anapopiga simu, maana kelele za gulio humzuia kusikia mlio. Ule ukurasa wa presha, kijana ameuondoa kwenye kioo. Kama na wewe umempa mzazi saa ya namna hiyo, ingia kwenye mpangilio wake leo, uondoe ukurasa huo, kisha umwulize kama vidonge vya wiki hii amevimeza.